Kabla Tangazo la Kazi Halijabandikwa: Uchambuzi wa Kazi ya Mpokeaji Maziwa

"Anahitajika mpokeaji maziwa. Awe na elimu ya kidato cha nne na kuendelea, uzoefu usiopungua miaka mitatu, umri usiozidi miaka 30, mwaminifu, mchapakazi, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa kwa karibu."

Tangazo la namna hii unaweza kulikuta limebandikwa Tukuyu, Mafinga au Makambako, na ukibadilisha neno moja tu litafaa kumtafuta mtunza ghala, karani wa mizani au muuza duka la pembejeo. Hapo ndipo kasoro yake ilipo. Halimwambii msomaji mtu huyu atafanya nini saa moja asubuhi wafugaji wakishapanga foleni na ndoo zao, wala halimpi msaili kitu cha kupimia. Aliyeliandika ameanzia mwisho. Ameorodhesha sifa za mtu kabla ya kuijua kazi.

Mpangilio unaofaa una hatua tatu. Kwanza unafanyika uchambuzi wa kazi, yaani uchunguzi wa jinsi kazi inavyofanyika hasa: nini kinafanywa, kwa mpangilio gani, kwa kifaa gani, kwa muda gani, na kikikosewa kinaharibu nini. Kutokana na uchunguzi huo yanaandikwa maelezo ya kazi, ambayo ni habari za kazi yenyewe. Kutokana na maelezo hayo ndipo zinaandikwa sifa za mwombaji, ambazo ni habari za mtu. Wanafunzi wengi huyachanganya haya mawili ya mwisho, na kuna njia nyepesi ya kuyatenganisha. Uliza kama sentensi inabaki kweli hata kiti kikiwa wazi. "Kupima joto la maziwa kabla ya kuyamimina kwenye tangi" ni kweli awepo mtu asiwepo, kwa hiyo ni maelezo ya kazi. "Anaweza kusoma kipimajoto bila kukosea" haina maana mpaka awepo mtu, kwa hiyo ni sifa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Chama cha ushirika cha wafugaji wilayani Rungwe kina kituo cha kukusanyia maziwa. Wafugaji 140 wanaleta jumla ya lita 1,100 kwa siku, yaani chini kidogo ya lita nane kila mmoja. Maziwa yanapozwa kwenye tangi hadi nyuzi 4 za Selsiasi na kuchukuliwa na gari la kiwanda. Chama na tarakimu hizi tumevitunga kwa ajili ya kujifunzia, lakini vituo vya aina hii nyanda za juu kusini vinafahamika vizuri. Katika mwaka mmoja kituo kimepitisha wapokeaji watatu. Kila mara bodi imebandika tangazo lilelile la hapo juu, na kila mara kiwanda kimerudi na lalamiko lilelile: maziwa yaliyochanganywa maji na maziwa yaliyoanza kuchacha.

Kuichungulia kazi yenyewe

Mchambuzi haanzi kwa kumhoji mtu. Anaanza na karatasi zilizopo: daftari la mapokezi, kumbukumbu za maziwa yaliyokataliwa, barua za malalamiko na mkataba kati ya chama na kiwanda. Karatasi hizi zinamwonyesha pa kutazama. Ikiwa daftari la maziwa yaliyokataliwa lina kurasa tupu kwa wiki nzima, huku kiwanda kikirudisha maziwa siku mbili ndani ya wiki hiyohiyo, tayari anajua kwamba kuna vipimo visivyofanyika.

Kisha anakwenda kutazama. Anafika saa 12 kamili asubuhi kituo kinapofunguliwa na kukaa hadi kinapofungwa, akiwa na saa mkononi. Mapokezi yanaanza saa 12:30 na lazima yaishe saa 2:30, kwa sababu maziwa ya asubuhi yakikaa muda mrefu bila kupozwa bakteria wanaongezeka haraka. Hizo ni dakika 120. Ukizigawa kwa wafugaji 140, kila mmoja anapata kama sekunde 51.

Sasa anapima kila kitendo kinachukua muda gani. Kutazama na kunusa maziwa kwenye ndoo, sekunde 15. Kipimo cha alkoholi, ambapo maziwa kidogo huchanganywa na alkoholi ya ujazo uleule ili kuona kama yanaganda mabonge, sekunde 20. Kusoma kipimajoto na laktomita, kile kioo chenye tumbo kinachoelea ndani ya maziwa kuonyesha uzito wake, sekunde 60, maana laktomita lazima itulie kabla ya kusomwa. Kupima lita na kuandika mara mbili, kwenye daftari na kwenye kadi ya mfugaji, sekunde 30. Jumla ni sekunde 125 kwa mfugaji mmoja. Zidisha kwa 140, unapata sekunde 17,500, ambazo ni karibu saa tano.

Kazi ya saa tano inatakiwa ifanywe na mtu mmoja kwa saa mbili. Haiwezekani, na mpokeaji amekwisha kulitatua kwa njia yake: anaacha laktomita, na foleni ikirefuka anaacha na alkoholi. Bodi ilikuwa inatafuta mtu "mwaminifu na mchapakazi" kwa kazi ambayo hata malaika asingeimaliza. Wapokeaji watatu walioondoka hawakuwa wazembe. Kazi ndiyo iliyopangwa vibaya.

Hili ndilo jambo ambalo vitabu vya kozi hulipita haraka mno. Uchambuzi wa kazi hautoi orodha ya majukumu peke yake. Wakati mwingine unaonyesha kwamba kazi inahitaji kupangwa upya kabla hujaajiri mtu yeyote. Katika mfano wetu yanapatikana maamuzi mawili. Kwanza, kupima lita na kuandika kunahamishiwa kwa mtu wa pili kwa zile saa mbili tu. Pili, laktomita haitumiki kwa kila ndoo bali kwa zinazotiliwa shaka na nyingine zinazochaguliwa kwa zamu. Mpokeaji anabaki na sekunde 35 kwa kila mfugaji, jumla kama dakika 82. Dakika 38 zinazobaki zinatosha vipimo 38 vya laktomita kwa siku, kwa hiyo kila mfugaji anaweza kupimwa walau mara moja katika siku nne. Mfugaji anayejua kwamba zamu yake itafika, ila hajui siku, hatii maji kwa wepesi.

Kutazama kuna mipaka yake. Mtu anayeangaliwa hubadilika, hasa siku ya kwanza, kwa hiyo siku ya kwanza huwa haihesabiwi. Tena kazi hii ina msimu. Rungwe mvua zikikolea majani yanakuwa tele na maziwa yanaongezeka. Ukiichambua Septemba peke yake, utaandika maelezo ya kazi ya kiangazi na yatakushinda masika. Kama huwezi kurudi msimu mwingine, chukua daftari la mapokezi la mwaka mzima, tafuta siku yenye wafugaji wengi kuliko zote, kisha rudia hesabu ya sekunde kwa idadi hiyo.

Jambo jingine linaonekana kwa kuhesabu siku tu. Ng'ombe hakamuliwi siku sita akapumzika ya saba. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa siku sita kwa wiki, saa tisa kwa siku na saa 45 kwa wiki kwa kazi za kawaida. Mpokeaji anayeanza saa 12 asubuhi na kumaliza saa 8 mchana, akiwa na saa moja ya mapumziko, anafanya saa saba kwa siku na saa 42 kwa siku sita. Siku ya saba inamhitaji mtu mwingine anayejua vipimo vyote. Yule msaidizi wa saa mbili, akifundishwa, ndiye anayeweza kuishika, mradi naye apewe siku yake ya kupumzika. Bila uchambuzi, siku hiyo ya saba hugunduliwa mwajiriwa akiwa ameshaanza kazi, naye ndiye anayeibeba.

Kuuliza maswali yanayojibika

Baada ya kutazama yanafuata mahojiano: na mpokeaji aliyepo au aliyeondoka, na meneja wa kituo, na wafugaji wawili watatu. Ukimuuliza mtu "Majukumu yako ni yapi?" atakujibu kama anayesoma barua yake ya ajira. Muulize "Jana, ulipofungua mlango, ulianza na nini? Halafu?" Meneja naye atakueleza kazi inavyopaswa kuwa, wakati mpokeaji atakueleza ilivyo, akiiongezea uzito kidogo iwapo anahisi mshahara unahusika. Andika yote mawili, maana tofauti kati yao ndiyo habari yenyewe.

Mbinu moja ya mahojiano inafaa sana hapa: kuuliza matukio. Mwanasaikolojia wa Kimarekani John Flanagan aliieleza mwaka 1954, na misingi yake haijabadilika. Humuulizi mtu mfanyakazi mzuri yukoje. Unamwomba akupe tukio moja lililoisha vizuri sana au vibaya sana, kisha unamfuatilia: nini kilitangulia, yeye alifanya nini hasa, na matokeo yake yakawa nini.

Tuseme meneja anatoa tukio hili. Mzee mmoja analeta lita tisa. Mpokeaji anatumbukiza laktomita, inasoma 25. Kiwango cha kituo ni kati ya 26 na 32. "Shikamoo mzee. Maziwa haya yana maji, hatupokei." Mzee anajibu, "Marahaba mwanangu, ila ng'ombe wangu hawajui hata bomba liko wapi." Watu kwenye foleni wanacheka, sauti zinapanda, mzee anaondoka na maziwa yake, na kuanzia wiki inayofuata majirani zake wanne wanauza kwa mchuuzi wa barabarani.

Mzee alikuwa na haki. Laktomita ya kituo kile imetengenezwa kusomwa maziwa yakiwa na nyuzi 20. Yakiwa na joto zaidi huwa mepesi na kioo kinazama zaidi, kwa hiyo kila nyuzi moja juu ya 20 inaongezewa 0.2 kwenye usomaji. Maziwa ya mzee yalikuwa na nyuzi 26. Tofauti ni sita, sita mara 0.2 ni 1.2, na 25 ukijumlisha 1.2 unapata 26.2. Yalipaswa kupokelewa.

Tazama tukio moja limetoa nini. Kwa haraka mtu angeandika "awe makini". Ukilichambua unapata mambo mawili yanayopimika: mpokeaji lazima aweze kusahihisha usomaji kwa kuzidisha na kujumlisha desimali, chapuchapu, foleni ikimsubiri; na lazima aweze kumweleza mfugaji anayekataliwa sababu kwa namna ambayo haitazua ugomvi mbele za watu. Matukio nane au kumi ya aina hii, kutoka kwa watu tofauti, yanatosha kwa kazi ya ukubwa huu. Utajua umefika pale matukio mapya yanapoanza kurudia mambo yaleyale.

Maelezo ya kazi yanavyosomeka

Sasa yanaandikwa. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Juu linakaa jina la kazi, kituo, mkuu wake wa kazi na walio chini yake. Mfano wetu: Mpokeaji Maziwa, anawajibika kwa Meneja wa Kituo, anamwongoza Msaidizi wa Mapokezi kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:30 asubuhi. Kisha lengo la kazi kwa sentensi moja: kuhakikisha kwamba maziwa yanayoingia kwenye tangi yanakidhi viwango vya kituo na yamepozwa kwa wakati. Baada ya hapo majukumu, ambayo katika mfano huu ni matano tu:

1. Kukagua maziwa ya kila mfugaji kwa macho, pua na kipimo cha alkoholi kabla hayajamiminwa kwenye tangi, na kukataa yasiyofaa.
2. Kupima kwa laktomita na kipimajoto maziwa yanayotiliwa shaka na ya wafugaji walio kwenye zamu ya siku, na kuandika usomaji uliosahihishwa.
3. Kumweleza mfugaji sababu ya maziwa yake kukataliwa na kumwandikia kwenye kadi.
4. Kuangalia joto la tangi kila baada ya dakika 30 hadi lifike nyuzi 4, na kuwasha jenereta umeme ukikatika.
5. Kuosha tangi, ndoo na vipimo mara tu gari la kiwanda linapoondoka, kwa mpangilio uliowekwa.

Kila jukumu lina kitendo kinachoonekana, kitu kinachotendwa na matokeo au kiwango. Ondoa maneno kama "kushughulikia masuala ya ubora" au "kusaidia katika mapokezi". Ukishindwa kumwonyesha mtu akilifanya jukumu, hujaliandika. Katika jukumu la tano, "kwa mpangilio uliowekwa" linatosha kwa sababu mpangilio wenyewe una karatasi yake ukutani: suuza kwanza kwa maji ya baridi au vuguvugu, kisha sabuni na maji ya moto. Ukianza na maji ya moto, protini ya maziwa inagandia kwenye chuma. Maelezo ya kazi hayapaswi kugeuka kuwa mwongozo wa kazi, na kosa hili hufanywa zaidi na watu wanaoipenda kazi yao.

Chini ya majukumu huwekwa mipaka ya mamlaka, sehemu ambayo huachwa mara nyingi kisha ndiyo inayoleta ugomvi. Je, mpokeaji anaweza kukataa maziwa ya mjumbe wa bodi bila kumuuliza meneja? Iandikwe: anaweza. Anaweza kununua mafuta ya jenereta? Hawezi, anamwita meneja. Halafu mazingira ya kazi: kusimama kwa saa mbili mfululizo, sakafu yenye maji, asubuhi zenye baridi kali Juni na Julai, kuanza saa 12, siku sita kwa zamu. Mwishoni tarehe ya kuandikwa na sahihi.

Kuna sentensi moja ambayo haikosekani kwenye matangazo ya serikalini na imeingia kila mahali: "kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na msimamizi wake". Ina faida yake, kwa kuwa hakuna maelezo yanayomaliza kila kitu. Lakini iongezewe maneno "zinazohusiana na mapokezi ya maziwa". Bila mpaka huo, mpokeaji atajikuta akifyeka nyasi za uwanja wa kituo saa ambazo joto la tangi lilipaswa kuangaliwa.

Hati hii si ya usaili peke yake. Kifungu cha 15 cha sheria tuliyoitaja kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa taarifa za maandishi anapoanza kazi, na maelezo ya kazi ni mojawapo ya taarifa hizo. Ukisubiri uyaandike baada ya mtu kushaanza, utaishia kumwelezea mtu huyo badala ya kazi.

Kutoka jukumu hadi sifa

Hapa ndipo penye utelezi. Kila sifa unayotaka kuiandika ipitishe kwenye maswali mawili. La kwanza: mtu asipokuwa nayo, ni jukumu namba ngapi litakaloharibika? Kama huna namba, ifute. La pili: inaweza kufundishwa ndani ya wiki mbili za mwanzo? Kama ndiyo, si sifa ya lazima. Ni kazi ya mafunzo ya awali.

Uzoefu wa miaka mitatu ukiupitisha hapo unaanguka. Jukumu la kwanza na la pili yanahitaji vipimo vinavyofundishika kwa siku chache. Kisichofundishika kwa siku chache ni hesabu ya desimali kwa mtu asiyeijua kabisa, na tabia ya kuzungumza na mtu aliyekasirika. Kwa kituo hiki jedwali la sifa linakuwa hivi:

| Sifa | Jukumu | Uzito | Itathibitishwaje |
|---|---|---|---|
| Anasoma, anaandika na kukokotoa desimali | 2, 3 | Lazima | Jaribio la vitendo |
| Anaweza kunusa na kutambua maziwa yaliyoharibika | 1 | Lazima | Jaribio la vitendo |
| Anaweza kuwa kazini saa 12 asubuhi, siku sita kwa zamu | 1, 4 | Lazima | Fomu ya maombi |
| Anaeleza uamuzi mgumu kwa heshima na bila kuyumba | 3 | Lazima | Igizo wakati wa usaili |
| Amewahi kutunza daftari la mali au fedha | 2 | Nyongeza | Fomu na wadhamini |
| Cheti cha fani ya mifugo au maziwa | 1, 5 | Nyongeza | Cheti halisi |

Safu ya mwisho ndiyo inayolitenganisha jedwali hili na orodha ya matamanio. "Mwaminifu" haimo, na si kwa sababu uaminifu hautakiwi. Hakuna mwombaji atakayesema yeye ni mwizi, kwa hiyo neno hilo kwenye tangazo halimchuji mtu. Unachoweza kufanya ni kuwauliza wadhamini jinsi alivyotunza daftari, na kukipanga kituo ili anayepima ubora asiwe ndiye anayeandika lita.

Sifa za "lazima" ziwe chache. Kila unapoongeza moja unawafungia nje watu, na sifa ya lazima ikishatangazwa haibadiliki katikati ya safari. Wasaili wakimwacha mmoja apite bila kuwa nayo, wamewadhulumu wote waliosoma tangazo wakaona hawafai, wakaacha kuomba.

Kuna sifa zinazopenya kwa mazoea na sheria inazikataza. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila au mahali mtu anapotoka, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu na umri. Kinaruhusu kutofautisha watu pale ambapo sifa yenyewe ni hitaji la asili la kazi. Kwa hiyo "umri usiozidi miaka 30" inatoka. Hakuna jukumu kati ya yale matano linaloharibika mtu akiwa na miaka 42. "Awe mwenyeji wa Rungwe" inatoka pia. Bodi itajitetea kwamba mtu akikaa mbali huchelewa. Basi hitaji lenyewe ni kufika saa 12, na ndivyo lilivyoandikwa kwenye jedwali. Atakayelitimiza, awe ametoka Kyela au Ludewa, hilo si swali la bodi.

"Awe mwanaume" hutetewa kwa uzito wa keni. Keni ya lita 50 ikijaa ina zaidi ya kilo 50, na mtu anayeinyanyua peke yake kila siku ataumia mgongo awe mwanaume au mwanamke. Jibu liko kwenye kupanga kazi: keni zibebwe na watu wawili, au zijazwe nusu. Sharti la kujua Kinyakyusa, lugha ya wenyeji wa Rungwe, linahitaji busara zaidi. Kama uchambuzi umeonyesha wafugaji kadhaa wazee wanaoelewa vizuri zaidi kwa lugha yao, kukijua kunaweza kuwa nyongeza kwa jukumu la tatu. Kuna hatari ya kigezo cha lugha kugeuka mlango wa nyuma wa kabila, na sisi tungemtegemea msaidizi kwa tafsiri kuliko kukiweka kwenye sifa za mpokeaji.

Wanafunzi watakutana na mpango wa vipengele saba wa Alec Rodger wa mwaka 1952: umbo na afya, elimu na mafanikio, akili ya jumla, vipaji maalumu, mambo anayoyapenda, tabia, na hali za maisha. Ujue kwa ajili ya mtihani, ila utumie kwa tahadhari. Unaanza na mtu badala ya jukumu, na vichwa kama "umbo" na "hali za maisha" vinamwalika mwajiri aulize habari za ndoa na watoto.

Jedwali likiingia kwenye ajira

Baada ya hapo mengi yanajiandika. Tangazo linachukua lengo la kazi, majukumu matatu mazito, sifa za lazima, saa za kazi na namna ya kuomba. Fomu ya maombi inauliza yale tu ambayo jedwali linasema yatathibitishwa kwa fomu.

Mchujo nao hutumia yanayoonekana kwenye fomu peke yake. Tuseme wameomba watatu: mwenye stashahada ya mifugo, mwenye kidato cha nne aliyekaa miaka miwili kwenye duka la pembejeo akiandika stakabadhi, na mwenye darasa la saba ambaye ameuza maziwa mtaani miaka sita. Tangazo la zamani lingemtupa wa tatu papo hapo, na huenda na wa pili. Kwa jedwali hili wote wanaingia kwenye jaribio, kwa kuwa hesabu haipimwi kwa cheti.

Jaribio linafuata kazi. Ziandaliwe sampuli nne za maziwa: moja nzuri, moja iliyoharibika, moja iliyotiwa maji hadi usomaji uliosahihishwa ushuke chini ya 26, na moja inayosoma kati ya 26 na 27 ikiwa na nyuzi 20, kisha ikapashwa hadi nyuzi 26. Kwa kuwa tumesema vipimo vitafundishwa, kila mwombaji anaonyeshwa kwanza kwa dakika 15, kisha anapewa dakika 20 apime, asahihishe, aamue na kuandika. Ukimpima kwa kitu ambacho jedwali limesema utamfundisha, utakuwa umerudisha uzoefu wa miaka mitatu kwa mlango mwingine. Baadaye msaili mmoja anakuwa mfugaji aliyekataliwa na kuzungumza naye dakika tano. Wasaili wawili wanatoa alama kila mmoja kwenye karatasi yake, kabla ya kujadiliana.

Sifa ya lazima ina kizingiti, na alama za sehemu nyingine haziifidii. Mwenye stashahada akijibu kwa ufasaha juu ya bakteria lakini akakataa sampuli ya nyuzi 26 kwa sababu hakusahihisha usomaji, hajafika, hata jumla yake ikiwa kubwa kuliko za wenzake. Nyongeza zinahesabiwa tu kati ya waliovuka vizingiti vyote. Kamati nyingi hujumlisha kila kitu kwenye safu moja, na cheti kinafunika kosa ambalo kesho litamfukuza mfugaji.

Utatambua jedwali halikutumika ukisikia usaili unaanza na "Hebu jieleze" na kuishia hapohapo, au ukiona alama za wasaili wote zinafanana mno. Dalili nyingine huja baadaye. Kipindi cha majaribio kikiisha, chukua yale majukumu matano na uangalie lipi limelegea. Likiwa la tatu na watu watatu mfululizo, rudi kwenye igizo la usaili. Likiwa la nne, kwanza angalia kama jenereta inawaka.

Na hati hizi huchakaa. Chama kikinunua mashine inayopima mafuta na maji kwenye maziwa na kuonyesha majibu kwenye kioo, jukumu la pili linabadilika. Hesabu ya desimali inaweza kushuka kutoka lazima, na kusafisha na kurekebisha mashine kunaingia. Chama kikianza kulipa kwa kiwango cha mafuta badala ya lita tupu, jukumu la tatu linakuwa zito zaidi, kwa sababu mfugaji wa lita nane atataka kujua kwa nini jirani yake wa lita nane amelipwa zaidi. Siku mashine hiyo inaposhushwa kwenye gari, mchambuzi arudi na saa yake asubuhi, kabla hajatafutwa mpokeaji mwingine.